Simu ya "mwanao yuko mahabusu, tuma hela ya dhamana sasa hivi": maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi ni wakala wa hela za simu, kibanda changu kiko Morogoro, na maswali haya ndo ninayoulizwa dirishani karibu kila wiki, mengine na watu ambao tayari wameshalizwa. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za mwenendo wa jinai, na kwa wa Kenya kuna swali lenu huko chini maana kwenu mambo yako tofauti kidogo.

Hii simu inakuwaje hasa?

Inaingia namba usiyoijua. Mtu anaongea kikakamavu, anajitambulisha Sajenti au Inspekta fulani wa kituo fulani, mara nyingi kituo kilicho mkoa mwingine, mbali na ulipo wewe. Anakwambia mwanao, au mdogo wako, au mumeo, yupo chini ya ulinzi. Kosa linabadilika: kagonga mtoto na pikipiki, kakutwa kwenye gari lenye bangi, kapigana na mwenzake ana hali mbaya hospitali. Halafu inakuja sentensi yenyewe, "mzee, faili bado lipo mezani kwangu, likishafika mahakamani mimi sina msaada tena, hapa tunaweza tukamalizana kwa dhamana". Baada ya hapo simu anapewa "wakili" anayeongea taratibu na kwa upole sana, yeye ndo anataja kiasi na namba ya kutuma.

Kazi zao wamegawana, yule wa kwanza anakutisha na yule wa pili anakuokoa. Ukishaokolewa unakuwa na shukrani, na mtu mwenye shukrani haulizi maswali.

Dhamana ya polisi ni shilingi ngapi?

Hakuna. Sifuri. Hapa ndo penyewe, ukikumbuka hili moja tu nusu ya ukurasa huu unaweza ukaacha kuusoma.

Dhamana ya polisi Bara hailipiwi. Mtuhumiwa wa kosa lenye dhamana anatoka kwa kujidhamini mwenyewe au kwa kudhaminiwa na mtu mwingine, na anachofanya mdhamini ni kufika kituoni kwa miguu yake, aonyeshe kitambulisho, mara nyingi awe na barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi, ajaze fomu na kusaini kwamba huyu mtu ataripoti tarehe fulani saa fulani. Basi. Na hata ukiingia kituoni kwenye kaunta mara nyingi utakuta kimebandikwa kabisa kwamba dhamana ni bure.

Sasa angalia hii inamaanisha nini kwa ile simu. Dhamana inahitaji mtu, sahihi yake na sura yake, haina kipengele cha kutuma kwa simu. Kwa hiyo anayekwambia "tuma hela ya dhamana" ni mmoja kati ya watu wawili tu, tapeli asiye polisi, au polisi wa kweli anayeomba rushwa. Na kwa wote wawili unachofanya ni kilekile: humtumii, unaenda kituoni au unamtuma mtu aende.

Mbona shemeji yangu alilipa na mtu akatoka kweli?

Ndio, hili nalijua na silikatai. Kuna watu wametoa "ya chai" na ndugu yao akatoka jioni ileile. Ile haikuwa dhamana, ilikuwa rushwa, ya kuripoti TAKUKURU namba 113, bure. Lakini ndo maana utapeli huu unafanya kazi vizuri hivi kwetu: tapeli hahitaji kukufundisha kitu kipya, anasimama tu kwenye kile ambacho umeshaamini tangu zamani, kwamba polisi bila kutoa kitu hutoki. Nimewahi kumuuliza mteja mmoja mbona hakushtuka kuombwa hela, akanijibu "ningeshtuka kama asingeniomba".

Na ile ya mahakamani, si huwa wanasema "dhamana ya milioni tano"?

Hapa watu wengi wanachanganya, hata watu waliosoma. Hakimu akisema mshtakiwa awe na wadhamini wawili watakaosaini bondi ya milioni tano kila mmoja, hiyo milioni tano hailipwi siku hiyo. Ni ahadi. Mdhamini anasaini kwamba mshtakiwa akiruka dhamana, yeye mdhamini atawajibika kwa kiasi hicho. Anatoka pale na hela yake mfukoni.

Kuna kesi ambazo kweli mahakama inataka kuwekwa fedha taslimu au hati ya mali, hasa za wizi au ubadhirifu wa mali ya thamani kubwa. Hata hizo zinapita kwa hakimu, mshtakiwa akiwa amesimama pale mbele, na fedha ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, ile namba ndefu ya tarakimu 12 inayoanzia na 99, ukiiingiza kwenye simu unaona malipo yanakwenda taasisi ya serikali. Haiendi kwa laini ya mtu binafsi. Hata faini ya trafiki ya elfu 30 siku hizi ina kontroo namba, sasa iweje hela ya mahakama nzima iende kwa laini ya "Mwanaidi"?

Na kuna makosa hayana dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, kusafirisha binadamu. Ukisikia "mwanao ana kesi ya mauaji ila nimekuombea dhamana, tuma laki sita", hapo kajimaliza mwenyewe.

Wamejuaje jina la mwanangu na chuo anachosoma?

Mara nyingi umewatajia wewe. Sikiliza inavyokwenda:

"Mama habari, naongea na mzazi wa kijana?"
"Kijana yupi? Beni?"
"Ndiyo mama, Benjamini, yuko hapa kituoni."

Umeona? Yeye hakuwa na jina. Kasema "kijana", mama kajaza mwenyewe. Na mtu akishasikia jina la mwanae kwenye mdomo wa "afande" anasahau kabisa kwamba yeye ndo alilitoa sekunde tano nyuma.

Njia ya pili ni kwamba walishampigia mtoto mwenyewe kabla yako, siku moja au mbili nyuma, wakajifanya ofisi ya chuo wanahakiki taarifa za wanafunzi, jina la mzazi, namba ya mzazi, mkoa. Mtoto anajibu yote, tena kwa heshima. Na fesibuku inamalizia: picha za mahafali, "asante mama yangu kipenzi", jina la mama limetagiwa.

Nilisikia kabisa sauti ya mwanangu analia. Hiyo je?

Ulisikia mtu analia. Mtu anayelia kwa kwikwi, simu imewekwa mbali, kelele za nyuma, anasema "mama nisaidie wananipiga", sauti ya kijana yeyote wa miaka 20 inafanana na hiyo. Huwa hadumu, sekunde sita saba kisha "afande" anarudi hewani na kufoka "inatosha, lete simu". Kwa nini anaondolewa haraka hivyo? Kwa sababu akibaki utamuuliza kitu.

Kwa hiyo muulize. Usimuulize jina lake au la baba yake, hayo wanaweza kuwa nayo. Muulize kitu cha nyumbani kisichoandikwa popote: yule mbuzi wa bibi tulimwitaje, Idi iliyopita ulivunja nini, jirani wa nyuma anauza nini. Mtoto wako hata akiwa analia machozi ya damu hilo analijibu kwa neno moja.

Nilipompigia mwanangu hapatikani, ndo nikaamini. Kwa nini hakupatikana?

Hii ndo sehemu ya ujanja wao mkubwa na wengi hawaijui. Kabla ya kukupigia wewe wanampigia yeye. "Habari, huduma kwa wateja hapa, laini yako inahakikiwa, tunaomba uzime simu kwa dakika thelathini, ukiwasha kabla laini itafungiwa". Mtoto anazima. Nusu saa hiyo ndo wanayoitumia kwako, na ndo maana wana haraka kiasi kile, saa yao inahesabu.

Kwa hiyo "namba unayopiga haipatikani" sio ushahidi wa chochote. Mpigie mtu aliye karibu naye: mwenzake wa chumbani, mwenye nyumba, kondakta anayefanya naye kazi, mchungaji, yeyote. Kama huna namba ya mtu hata mmoja anayelala karibu na mwanao, basi kaitafute leo ukimaliza kusoma.

Unaweza kutupa mfano uliotokea kweli?

Ulitokea dirishani kwangu, jumanne, saa tano asubuhi. Mama mmoja mteja wangu wa muda mrefu, anauza vitenge, akaja simu iko sikioni, ameibana na kanga, mkono mwingine ana noti. Kwa kawaida akija tunapiga stori kwanza, siku hiyo hakusalimia. Akaweka noti pale, laki tatu, akanionyesha kidole kwenye simu yake maana yake niweke kwake.

Nikamuuliza mama unamtumia nani, akanikonyeza ninyamaze, akaweka kidole mdomoni. Nikasikia kwa mbali sauti ya kiume inasema "mama usikate simu, ukikata tu namrudisha ndani". Hapo nikajua.

Sikumwambia "unatapeliwa". Nimejifunza zamani, ukimwambia mtu hivyo mtoto wake akiwa "ndani" anakuona wewe ndo adui, wapo walionitukana wakaenda kwa wakala wa jirani. Nikachukua daftari la miamala nikaandika kwa herufi kubwa: MTOTO YUPO WAPI? NIPE NAMBA YA RAFIKI YAKE NIPIGE MIMI. Nikamgeuzia. Akasoma, akatulia kidogo, akaniandikia Dodoma, chuo, na akanitafutia kwenye simu ya pili ya vitufe namba ya mwenzake wa chumbani, alikuwa nayo kwa sababu mwezi mmoja nyuma alimtumia mwanae nauli kupitia namba hiyo.

Nikapiga. Kijana akapokea, nikamuuliza Beni yuko wapi. "Yupo hapa anafua, nimpe?"

Nikamwekea mama simu yangu kwenye sikio la pili. Kwa hiyo mama yuko pale, sikio la kushoto afande anamwambia mwanae ameanza kutapika mahabusu, sikio la kulia mwanae anauliza "mama shikamoo, kuna nini?". Sitasahau ile sura. Hakulia, alikaa chini kwenye ndoo.

Sasa shida ni kwamba kabla ya kuja kwangu alishatuma laki na nusu iliyokuwa kwenye simu yake, kama dakika 20 nyuma, kwa laini yenye jina la mwanamke. Ile laki tatu ilikuwa awamu ya pili, ya "wakili kufunga faili". Tukapiga huduma kwa wateja, wakaangalia: ilikuwa imebaki elfu 11 tu kwenye ile laini, nyingine ilishatolewa kwa wakala. Wakaizuia hiyo elfu 11. Tukaenda polisi tukachukua RB. Elfu 11 ilirudi baadaye sana, ile nyingine mpaka leo hola.

Na Beni? Alikuwa amezima simu kwa sababu "mtandao" ulimwambia azime.

Kwa nini hawataki nikate simu?

Kwa sababu ukikata utapumua, na ukipumua utampigia mtu. Hilo tu. Hakuna utaratibu wowote wa polisi unaosema ndugu akikata simu mtuhumiwa anarudishwa ndani. Ukishindwa kukata, maana kweli inatisha, basi fanya kama yule mama, andika kwenye karatasi mpe aliye karibu.

Namba ilikuwa ya kawaida tu, sio ya ofisi. Hiyo si dalili tosha?

Hapana, na hapa nisiwadanganye. Polisi wa kweli pia mara nyingi anapiga kwa simu yake ya mkononi, au anampa mtuhumiwa apige kwa simu hiyo. Kwa hiyo namba binafsi peke yake haikwambii kitu. Vilevile Truecaller ikiandika "Afande Kituo Kikuu" sio ushahidi, jina lile linatokana na watu walivyolisevu au alivyojiandika mwenyewe, na picha ya wasap ya mtu kavaa sare inapatikana mtandaoni kwa sekunde.

Kinachowatofautisha ni anachotaka. Wa kweli atakwambia ndugu yako yupo kituo fulani, njoo na kitambulisho au mlete mdhamini. Tapeli hataki uje. Ukimwambia "sawa afande, mjomba wake yupo hapohapo mjini, anakuja sasa hivi na bodaboda" utasikia sauti inavyobadilika: oh tupo njiani kwenda mahakamani, oh OCS hataki watu, oh muda umeisha. Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji ujue sheria hata kidogo. Na hata kama huna mjomba mji ule, sema unaye.

Nitahakikishaje kama kweli amekamatwa?

Kwanza mtafute mwenyewe na watu wake kama nilivyosema. Ukishindwa, muulize aliyekupigia jina la kituo, jina na cheo chake, kosa, na nani mkuu wa kituo. Andika. Kisha kata na nenda kituo cha polisi chochote kilicho karibu na wewe, sio lazima kile alichokitaja, ueleze kaunta na uombe wawasiliane na kituo kile. Usiombe namba ya kituo kutoka kwa huyohuyo aliyekupigia, atakupa ya mwenzake aliyekaa naye kwenye kochi.

Kama una ndugu au rafiki mji ule, aende. Mtu akiwa mahabusu anaandikwa kwenye kitabu, kaunta wanaweza kukwambia yupo au hayupo.

Na kumbuka hata ikiwa kweli, huna haja ya kukimbizana na dakika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, kama hajapewa dhamana. Saa moja ya kuhakikisha haimharibii chochote.

Aliyeongea alisema ni wakili na akataja namba yake ya uwakili.

Namba mtu yeyote anaweza kutaja. Mahakama wana mfumo wa mtandaoni unaitwa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yupo kwenye orodha na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Ila na hilo lina mipaka yake, tapeli mjanja anachukua jina la wakili halisi kutoka hukohuko. Kwa hiyo jina likiwepo, tafuta simu ya ofisi yake kwa njia yako na upige huko.

Halafu jiulize tu, nani kamwajiri? Wakili wa kweli anaweza kudai ada yake, hiyo ni halali, lakini ni baada ya wewe au ndugu yako kukubaliana naye. "Wakili wa zamu" anayekaa kituoni akisubiri kukusanya dhamana kwa laini yake, mimi sijawahi kumwona.

Nimeshatuma. Nifanye nini?

Usisome hapa kwanza, piga 100 kwa mtandao wako, sasa hivi. Waambie umetapeliwa, uwape namba uliyotuma, kiasi, saa, na ile kumbukumbu namba ya muamala iliyo kwenye meseji. Waombe wazuie hela kwenye laini iliyopokea. Kama uliweka kwa wakala, rudi kwa wakala huyohuyo asaidie kupiga maana wakala ana njia zake.

Ukweli mchungu ni kwamba hela ikishatolewa mtandao hauna cha kukurudishia, wanazuia kilichobaki tu, na matapeli hawaachi kitu kikae, mwenzao yuko tayari kwa wakala anasubiri meseji iingie. Ndo maana nasema dakika, sio saa. Ukianza kupiga kwanza simu kwa ndugu wote kuwasimulia, imekwisha.

Kisha nenda polisi ufungue taarifa, upewe RB. Bila RB mtandao hautatoa taarifa za mwenye laini na hawawezi kukaa na hela imezuiwa milele. Usifute meseji wala orodha ya simu zilizoingia, hata kama unaona aibu kuziangalia. Namba yenyewe itume kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli, unaandika meseji yenye namba ya tapeli.

Na jiandae: siku mbili tatu baadaye atapiga mtu mwingine, "tumemkamata aliyekutapeli, lipia gharama ya kurudishiwa hela yako". Ni walewale. Wana namba yako na wanajua unatuma.

Kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, si wanajulikana?

Ungefikiri hivyo. Shida ni kwamba jina linalotokea mara nyingi sio la tapeli. Ni la bibi wa kijijini aliyesajiliwa laini na mtu wa barabarani, akaambiwa "bibi weka kidole tena haijasoma", kumbe kidole cha pili kilisajili laini nyingine, ikauzwa. Polisi wakifuatilia wanafika kwa bibi. Hebu piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe kabla hujaitwa wewe kujieleza.

Wakipatikana wenyewe, kujipatia hela kwa udanganyifu kifungo chake kinafika miaka 7, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 pia. Ila wanapatikana wachache, tusidanganyane.

Jina lililotokea kabla ya kutuma lilikuwa tofauti, wakasema ni la mke wake afande. Sawa?

Nimelijibu hili mara nyingi mpaka nimechoka. Mke wa afande, mhasibu wa kituo, simu ya bosi, laini ya ofisi imejaa. Ile sekunde jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri ndo nafasi yako ya mwisho, lisome kwa sauti. Mimi dirishani nawasomea wateja kwa sauti makusudi, wengine wanakereka.

Nipo Kenya, huku polisi wanalipisha kash beil. Inakuwaje?

Kweli, kwenu ni tofauti, kituo kinaweza kuweka dhamana ya fedha taslimu, kwa hiyo ile "hailipiwi" yangu haiwafai. Kwenu angalia mambo haya: unalipa kituoni na unapewa risiti ya serikali, kukamatwa kumeandikwa kwenye OB kwa hiyo kuna namba ya OB unayoweza kuiulizia kaunta, na hela ile inarudishwa kesi ikiisha kama mtu hakukimbia. Anayeitaka kwenye laini yake bila risiti wala OB ni yuleyule wa huku kwetu. Ukiwa Safaricom namba yake itume 333, na kama umetuma kwa M-Pesa peleka ile meseji ya muamala kwenda 456 haraka kabla hajatoa.

Tuko nje, Omani, Marekani, tunapigiwa kwamba mzee kakamatwa Dar. Tufanyeje?

Nyie ndo mnapendwa zaidi, kwa sababu mko mbali na mnatuma kwa dola au riali bila kusita. Hakuna jipya, ila muwe na mtu mmoja nyumbani, sio watano, ambaye kazi yake ni kwenda kituoni kwa miguu mkipigiwa. Mdhamini anatakiwa awe hapa hata hivyo, kwa hiyo hela yenu kutoka Maskati haimtoi mtu lokapu hata kama kakamatwa kweli.

Mama yangu amelizwa na hataki mtu ajue. Nimwambie nini?

Usimuulize "ulikuwaje mpaka ukaamini". Muulize saa ngapi alituma na kama meseji ipo. Yule mama wa vitenge alikaa wiki tatu bila kupita dirishani kwangu, alikuwa anazungukia barabara ya nyuma, siku aliyorudi alinunua vocha ya elfu moja akasema "Beni anakusalimia", nikampa vocha yake.